Barua kwa wazee wa Ufipa: Naomba kurekodi hadithi zenu

Barua ya kuomba ruhusa ya kurekodi hadithi inaonekana ni kazi ya nusu saa. Ya kwangu ilinichukua wiki tatu, na ilikuwa na kurasa mbili tu.

Kazi yangu ni isimu, yaani uchunguzi wa lugha. Nilizaliwa Sumbawanga mjini, nikasomea mbali, na sasa nafundisha chuoni na kulea watoto wawili ambao Kifipa wanakisikia kwa bibi yao kwenye simu. Wanaitika, halafu wananigeukia mimi niwatafsirie. Naamini wazazi wengi wanaosoma ukurasa huu wanaijua hali hiyo, iwe lugha ya nyumbani kwao ni Kifipa, Kinyiha, Kihehe au Kijita. Basi nilipopata nafasi ya kurekodi hadithi za jioni katika kijiji kimoja cha uwanda wa Ufipa, upande wa barabara iendayo Laela, nilifurahi kama mtafiti na nilifurahi zaidi kama mama. Lakini kwanza ilibidi niombe.

Mihuri haikuwa tatizo. Utafiti nchini unasimamiwa na Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, ile inayojulikana kwa jina la COSTECH, na sisi wa vyuoni huanza na kibali cha chuo. Barua inashuka ngazi: Katibu Tawala wa Mkoa, Katibu Tawala wa Wilaya, ofisi ya Mkurugenzi wa halmashauri, Mtendaji wa Kata, Mtendaji wa Kijiji. Ukifika kijijini una bahasha nene na kila karatasi ina muhuri. Karatasi zote hizo zinasema jambo moja, kwamba serikali haina pingamizi. Hazisemi kama yule mama mwenye hadithi anataka sauti yake ibaki duniani yeye akiwa hayupo. Hilo aliulizwe nani? Ndiyo maana nikaandika barua nyingine, isiyo na muhuri, kwa wazee wenyewe.

Rasimu ya kwanza niliianza kwa “Husika na kichwa cha habari hapo juu”, kama tulivyofundishwa. Nikaifuta. Hiyo ni lugha ya ofisi kwa ofisi, na mzee akiisikia anajua kuna kodi, mkopo au mgogoro wa shamba nyuma yake. Niliyoipeleka ilianza hivi:

“Shikamooni wazee wetu. Mimi ni binti yenu kutoka Sumbawanga mjini, wazazi wangu asili yao ni upande wa Nkasi. Ninafundisha mambo ya lugha chuoni. Ninaomba kukaa nanyi jioni za mwezi wa sita na wa saba, mkishamaliza kuvuna, nisikilize hadithi na kuzirekodi sauti kwa Kifipa. Kabla hamjasema ndiyo au hapana, naomba niwaeleze sauti hizo zitakwenda wapi.”

Neno “upande wa Nkasi” niliweka kwa makusudi. Kifipa si kimoja. Matamshi na baadhi ya maneno hubadilika ukitoka kaskazini kwenda kusini, na uwandani penyewe kulikuwa na falme mbili, Nkansi na Lyangalile, kila moja na Mwene wake. Mzee akinisikia nikifungua mdomo atajua mara moja sitoki kwake. Heri aisome kwenye barua kuliko aigundue mwenyewe na kujiuliza nimeficha na nini kingine.

Aya ya pili ilihusu nisichokiomba, na ndiyo iliyonichukua siku nyingi zaidi. Ukimwambia mtu unarekodi “utamaduni”, umemwomba kila kitu. Kuna mambo Ufipa ambayo hayakuwa ya kusimuliwa hadharani hata zamani. Mfano mzuri ni uyeyushaji wa chuma. Babu zetu walijenga matanuru marefu ya udongo, mengine yanamzidi mtu kimo mara mbili hivi, yaliyovuta hewa yenyewe bila mifuo, na mabaki yake bado yanaonekana mashambani. Namna ya kuyajenga ilionekana na watu wote. Dawa zilizowekwa ndani kabla ya kuwasha moto zilikuwa siri ya fundi na za ukoo wake. Mtafiti akiuliza vyote kwa pamoja, mzee wa heshima ananyamaza kabisa, na mwenye tamaa anatunga. Kwa hiyo niliandika: “Siombi dawa, siombi matambiko, siombi mambo ya mafundi ambayo hayasemwi mbele ya watoto. Ninaomba hadithi ambazo mtoto wa miaka saba angeruhusiwa kukaa na kuzisikiliza.” Kipimo hicho cha mtoto kila mtu alikielewa.

Kuna hadithi za aina nyingine ambazo si siri ila zina moto ndani yake. Wafipa wengi wanaijua habari ya Milansi, kijiji cha mfalme wa kwanza, na wanawake watatu wageni waliofika wakati mfalme yuko mawindoni, mmoja akakaa kwenye kigoda chake na utawala ukahama. Kila upande unaisimulia kwa namna inayoupendeza, kwa sababu ndani yake mna swali la nani ni mwenyeji na nani alikuja. Nikirekodi kwa mzee mmoja tu na kuiweka chuoni, baada ya miaka hamsini mtu atasema “imeandikwa”, na ukoo mwingine utakuwa umeshindwa kesi ambayo haukuitwa kuisikiliza. Niliahidi kwamba hadithi yoyote inayogusa utawala au ardhi nitaichukua kwa watu wasiopungua wawili, wa pande tofauti, au nisiichukue kabisa.

Nikaja kwenye matumizi. Hapa barua nyingi nilizowahi kuziona husema rekodi “zitatumika kwa ajili ya utafiti na elimu”. Sentensi hiyo ni ya kweli na haimwambii mtu kitu. Mimi niliamua kuifuata sauti moja hatua kwa hatua, kama mtu anavyomweleza jirani gunia lake la maharage litapita wapi hadi kufika Tunduma. Niliandika kwamba jioni hiyo hiyo sauti itatoka kwenye kinasa na kuingia kwenye kompyuta na kwenye diski ya pili, ili kimoja kikiharibika kingine kiwepo. Kwamba mimi na kijana mmoja wa hapa kijijini, atakayelipwa, tutaisikiliza na kuandika kila neno kwa Kifipa, kisha kwa Kiswahili. Kwamba msimuliaji atasikilizishwa sauti yake kabla haijaondoka kijijini. Kwamba nakala itabaki kwake kwenye memori kadi inayoingia kwenye simu au redio ndogo, nyingine ofisi ya kijiji, nyingine maktaba ya chuo. Na kwamba nakala moja itakwenda kwenye hifadhi ya lugha inayoitwa ELAR, iliyoanzia London na ambayo tangu 2021 iko Berlin, ambako watu wa nchi mbalimbali huweka rekodi za lugha zao.

Kisha nikaeleza milango mitatu. Mlango wa kwanza: wa nyumbani, sauti inasikilizwa na familia ya msimuliaji na mimi ninayeiandika, basi. Wa pili: kijiji, shule za jirani na wanafunzi wa lugha watakaoomba kwa jina. Wa tatu: mtu yeyote duniani mwenye intaneti. Msimuliaji anachagua mlango kwa kila hadithi, si mara moja kwa zote. Na hapa niliweka sentensi ambayo mwenzangu mmoja wa chuoni alinishauri niitoe kwa sababu “itawatisha”:

“Ukichagua mlango wa kwanza au wa pili, unaweza kubadili mawazo na mimi nitaweza kuifunga au kuifuta. Ukichagua mlango wa tatu, nitaweza kuiondoa pale nilipoiweka, lakini mtu aliyekwisha kuichukua kwenye simu yake sitaweza kumnyang’anya.”

Sikuitoa. Mzee ambaye hajawahi kutumia intaneti hana njia ya kujua kwamba kitu kikitoka hakirudi. Mimi najua. Nikikaa kimya, ndiyo yake haina uzito wowote.

Siku ya kikao tulikuwa kama watu ishirini na tano chini ya mti karibu na ofisi ya kijiji, upepo wa mwezi wa sita ule unaopenya koti. Barua haikugawiwa. Ilisomwa kwa sauti, kwanza kwa Kiswahili na Mtendaji, halafu mimi nikaieleza kwa Kifipa. Hiyo ya pili ndiyo ilikuwa barua yenyewe. Neno “utafiti” halikwenda popote, nikasema “kuuliza na kuandika”. Neno “hifadhi” lilieleweka kama hifadhi ya wanyama, mzee mmoja akauliza kama hadithi zitawekewa askari. Watu walicheka. Nikamjibu kwamba ndiyo, kwa namna fulani: kuna mtu anayeangalia nani anaingia.

Swali la pili lilikuwa Berlin. “Wajerumani walishajenga boma Kasanga,” alisema mzee aliyekaa karibu na shina, “wakatuita jina lao. Sasa wanataka na hadithi?” Kasanga ile ya ziwani iliitwa Bismarckburg enzi zao, na wazee bado wanalikumbuka hilo kwa kusimuliwa. Nilijibu nilichokuwa nacho. Kutunza sauti kwa miaka mingi ni kazi ya fedha: diski hufa, aina za mafaili hupitwa na wakati, lazima mtu anakili upya kila mara. Hifadhi ile inafanya hivyo bila kututoza, haimiliki hadithi, na inafuata mlango uliochaguliwa na msimuliaji. Nakala ya Tanzania ipo pia, ili tusitegemee nyumba moja. Alinitazama muda mrefu, kisha akasema kwake itakuwa mlango wa kwanza na Berlin isiende. Ilikuwa haki yake, na barua ilikuwa na nafasi hiyo.

Swali la tatu sikushangaa lilipokuja. Mama mmoja aliuliza: “Mtaandika juu yake kwamba ni za wachawi?”

Ambaye si wa kwetu huenda asijue jina la Sumbawanga linabeba nini. Wengi husema maana yake ni “tupa uchawi”, na nchi nzima ina vichekesho vyake juu yetu. Mtoto wangu mkubwa aliwahi kuulizwa shuleni kama anaruka na ungo. Tunacheka, lakini sauti ya bibi ikitumwa mtandaoni na kichwa cha habari kama “Siri za Sumbawanga” inaweza kupata watazamaji wengi kuliko kazi zangu zote za maisha. Yule mama alikuwa anaogopa jambo la kweli kabisa. Wazee wakataka sharti liongezwe: hakuna hadithi itakayopewa jina ambalo msimuliaji hakulitoa mwenyewe, na hakuna sauti yenye neno la uchawi itakayopita mlango wa pili, hata msimuliaji akikubali. Niliongeza kwa kalamu pale pale, Mwenyekiti akaweka sahihi pembeni.

Ikabaki fedha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatambua sanaa za jadi, na anayetaka kuzitumia kwa biashara nje ya mazingira yake ya asili anapaswa kupata kibali. Niliwaambia hivyo, nikawaambia pia kwamba sheria iko kwenye karatasi na mwizi yuko kwenye simu. Mimi siuzi. Msimuliaji atapata malipo ya muda wake, sawa na kibarua cha siku, awe amesimulia dakika tano au saa mbili. Tulipatana hivyo kwa sababu ukilipa kwa hadithi, hadithi zinazaliana.

Wakakubali. Na hapa nataka kusema jambo ambalo watafiti wachanga hulipita haraka: ruhusa ya wazee inafungua kijiji, haifungui mdomo wa mtu. Waliokaa chini ya mti wengi walikuwa wanaume, na wasimuliaji hodari wa hadithi za watoto wengi ni wanawake. Baba mwenye nyumba akisema “atasimulia”, bado sijaruhusiwa. Nilikwenda kwa kila mmoja, peke yake pale ilipowezekana, nikaeleza upya milango mitatu. Sikutumia fomu za dole gumba. Kidole kwenye wino kule kinakumbusha mikopo na mashamba yaliyouzwa. Badala yake niliwasha kinasa, nikauliza kwa Kifipa, naye akajibu kwa maneno yake. Jibu hilo linakaa mwanzoni mwa faili, kabla ya hadithi, kwa sauti ile ile.

Nichukue hadithi moja ili muone. Bibi mmoja, mjane wa miaka themanini na kitu, alinisimulia habari ya msichana aliyekataa wachumba wote. Hadithi ina wimbo unaorudi mara tano, na wajukuu wanauitika. Kabla ya kuanza nilimuuliza maswali manne: unakubali nirekodi? Mlango upi? Jina lako litajwe? Na la mwisho, ambalo huulizwa kwa sauti ya chini: “Bibi, siku ukiwa haupo, tuifanyeje?” Alinyamaza kidogo, akasema watoto wake wasimsikilize wakati bado wanalia, waache mpaka arobaini ipite. Baada ya hapo wajukuu wasikilize wapendavyo. Mlango alichagua wa pili. Jina litajwe, “maana hadithi bila mwenyewe ni ya kuokota”.

Hadithi ilikuwa ya dakika kumi na nne. Tulifukuza kuku, tukazima redio ya jirani, tukakaa ndani kwa sababu ya upepo. Faili la WAV lilikuwa kama megabaiti 120. Nakala ya mp3 ya kumwachia kwenye memori kadi ilikuwa kama megabaiti 13. Kuiandika neno kwa neno na kuitafsiri, mimi na yule kijana tulitumia karibu saa moja kwa kila dakika, maana yake siku mbili na nusu za kazi. Tunatumia programu ya ELAN, ambapo kila kipande cha sauti kinakaa juu ya maandishi yake, hivyo mtu akibonyeza sentensi anaisikia. Shida kubwa ni wimbo: maneno yake ni ya zamani, mengine bibi mwenyewe alisema anayaimba tu kama alivyoyapokea.

Tulipomrudia kumsikilizisha, alicheka mpaka machozi, kisha akanyamaza penye dakika ya tisa. Pale alikuwa amechomeka utani: mchumba mmoja wa kwenye hadithi alimfananisha kwa uchoyo na jirani yake, kwa jina. Wakati wa kusimulia ilichekesha. Kwenye kumbukumbu ya kudumu ingekuwa matusi kwa wajukuu wa mtu. Akaomba pafutwe. Tukaweka kimya cha sekunde sita, na kwenye maandishi tukaandika tu kwamba hapa msimuliaji ameomba paondolewe. Ndiyo sababu ya kusikilizishana kabla ya kuondoka. Mtu hawezi kutoa ruhusa ya maneno ambayo bado hajayasema.

Mwaka uliofuata, wakati wa mvua, nilipigiwa simu. Bibi amefariki. Mwanawe mkubwa, anayeishi Dar es Salaam, alitaka sauti iwekwe YouTube siku ya mazishi ili ndugu walio mbali waisikie. Dada yake aliyebaki kijijini alisema haiwezekani, na wote wawili wakanipigia mimi, kila mmoja kwa wakati wake, kila mmoja akisema mama angetaka hivi.

Mtafiti hapaswi kuwa hakimu wa msiba wa watu. Nilichofanya ni kuwatumia dakika ya kwanza tu ya faili, ile ya maswali manne, baada ya kuwauliza kama wako tayari kusikia sauti yake. Kaka alinyamaza siku mbili. Kwenye barua tulikuwa tumeandika kwamba warithi wanaweza kuufunga mlango zaidi, lakini hawawezi kuufungua kuliko alivyoufungua mwenyewe. YouTube ilikuwa mlango wa tatu, na bibi alisimama wa pili.

Hata hivyo kaka naye alikuwa na hoja, na sikutaka kuipuuza. Wajukuu kumi na mmoja wa bibi yule wako Mbeya, Dar na Mpanda. Memori kadi iliyo kwenye kopo la chai kijijini haiwafikii. Mimi nimeandika “nakala itabaki kwa familia” kana kwamba familia bado inalala nyumba moja. Tuliafikiana kwamba baada ya arobaini faili litumwe kwa kila mzazi mmoja mmoja, si kwenye kundi la WhatsApp la ukoo lenye watu tisini ambao wengine hatuwajui. Na litumwe kama hati, si kama ujumbe wa sauti, kwa sababu ujumbe wa sauti huibana sauti na wimbo ule ulikuwa ukisikika kama unaimbiwa ndani ya mtungi.

Wazazi wengi siku hizi wananiuliza kama wanaweza kurekodi bibi na babu wenyewe, likizoni, kwa simu. Mnaweza, na simu ya kawaida inatosha. Weka simu hali ya ndegeni ili isiite katikati. Iweke karibu na mdomo, kama hatua ya mkono, juu ya kitambaa na si juu ya meza inayogongwa na vikombe. Epuka nyumba ya bati mvua ikinyesha. Anza kwa kutaja tarehe, mahali na nani anasema. Halafu uliza ruhusa hata kama ni mama yako mzazi, naye ajibu kwenye rekodi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu aeleze mapema ni za nini, na ingawa haikutungwa kwa ajili ya jikoni kwa bibi, mantiki yake ni ile ile: bibi anayekusimulia wewe hajakubali kusimulia wafuasi wako. Watoto wanaoitika wimbo sauti zao zimo pia. Kwangu, sauti ya mtoto wa mtu haipiti mlango wa pili bila mzazi wake kusema, na mtoto mwenyewe akikataa, inatosha.

Kabla yangu wamepita wengine. Mwanaanthropolojia Roy Willis aliishi Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, akakusanya masimulizi na kutoa kitabu chake mwaka 1978, kwa Kiingereza, na watu wa chuo bado tunakitegemea. Sijakiona katika nyumba yoyote niliyoingia kule. Nilipokitaja kikaoni, mzee mmoja aliuliza swali fupi: “Na sauti zao ziko wapi?” Alikuwa akimfikiria baba yake, ambaye huenda alisimulia, huenda hakusimulia.

Arobaini ilipopita, dada mtu aliwakusanya wajukuu waliokuwapo, akachomeka kadi kwenye redio. Alinieleza kwa simu kwamba wimbo ulipofika, wadogo waliuitika bila kuambiwa, kwa kuwa uko humo humo na sauti zao wenyewe za mwaka uliopita. Mmoja aliyekuja kutoka Mpanda akauliza maana ya neno moja la kwenye wimbo. Hakuna aliyekuwa nalo. Dada akanipigia, nikafungua maandishi yetu, na pale yule kijana alikuwa ameweka alama ya kuuliza, pamoja na maelezo ya bibi: “nilipokea hivyo.”

Barua ninayoipeleka mwaka huu katika kijiji cha jirani ina aya mpya, baada ya ile ya milango. Inasema: “Tutaje kwa majina watoto na wajukuu wako walio mbali ambao ungependa wapate nakala, na nani kati yao asipelekewe.” Wiki iliyopita niliisoma kwa mzee wa kwanza. Alitaja majina tisa, akafikiri, akaondoa moja, kisha akalirudisha.